Kabla Hujabomoa, Pima Zege

Kampuni ya Marks and Spencer ina duka kubwa kwenye mtaa wa Oxford, London, ndani ya jengo la karibu mwaka 1930 liitwalo Orchard House. Baadaye jengo hilo liliunganishwa na majirani zake wawili, na kwa maelezo ya kampuni hapo ndipo taabu ilipoanzia: sakafu za majengo hayo hazilingani, dari ni za chini, nguzo zimebanana. Mwaka 2021 halmashauri ya Westminster iliiruhusu kampuni ibomoe yote matatu na kusimamisha jengo jipya la ghorofa kumi, duka chini na ofisi juu. Vibali vya namna hiyo hutolewa kila mwaka na havimkoseshi mtu usingizi. Safari hii wahifadhi wa majengo na baadhi ya wasanifu waliuliza swali ambalo hapo awali halikuwa limezoeleka katika mabishano ya kubomoa: ujenzi huu utamwaga angani hewa ukaa kiasi gani kabla mteja wa kwanza hajaingia mlangoni?

Jibu lilikuwa kwenye karatasi za mradi wenyewe. Karibu tani 40,000.

Ubishi uliofuata ulidumu miaka mitatu. Serikali ililichukua suala hilo mikononi mwake, na mwishoni mwa 2022 ukaendeshwa uchunguzi wa hadhara ambapo wataalamu wa pande mbili walipambana kwa hesabu. Mkaguzi aliyeongoza uchunguzi alishauri mradi upite. Julai 2023 waziri Michael Gove aliukataa. Machi 2024 Mahakama Kuu ilitengua uamuzi wake, jaji akisema waziri aliisoma vibaya sera ya mipango miji, kwa sababu sera hiyo inaunga mkono matumizi mapya ya majengo yaliyopo lakini haiamuru kwamba hilo litangulie mengine yote. Desemba 2024 waziri aliyemfuata, Angela Rayner, alitoa kibali. Kwa hiyo waliotaka kubomoa walishinda. Hata hivyo hesabu zilizowekwa mezani hazikufutwa na hukumu hiyo, na ndizo ninazotaka tuzipitie, kwa sababu zikihamishiwa Dar es Salaam au Nairobi zinatoa jibu kali zaidi kuliko walilolipata Waingereza.

Tuanze na mahali zinapotoka hizo tani. Moshi wa jengo unatoka kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni umeme na gesi ya kila siku: taa, lifti, viyoyozi, na kwa nchi za baridi, kupasha vyumba joto. Hiyo tuiite kaboni ya matumizi. Njia ya pili ni ile ya kulijenga jengo lenyewe: kuchimba malighafi, kuchoma saruji, kuyeyusha chuma, kusafirisha, kuendesha mitambo ya ujenzi, na mwisho wa safari kubomoa na kuzoa kifusi. Hii tuiite kaboni ya ujenzi. Tofauti yao kubwa ni ya wakati. Kaboni ya matumizi hutoka kidogo kidogo kwa miaka 50 au 60, na unaweza kuipunguza njiani kwa kubadilisha taa au kufunga paneli za jua. Kaboni ya ujenzi karibu yote hutoka ndani ya miaka miwili au mitatu, na ikishatoka hakuna marekebisho.

Saruji ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Pale Wazo Hill, Bamburi au kiwanda kingine chochote, kazi ni ile ile: mawe ya chokaa na udongo husagwa na kuingizwa kwenye tanuri refu linalozunguka, lenye joto la nyuzi 1,450 hivi, na yanatoka vikonyo vigumu vya kijivu viitwavyo klinka, ambavyo husagwa na kuwa saruji. Watu wengi hudhani tatizo ni makaa au gesi inayochomwa kupata joto hilo. Hiyo ni sehemu ndogo. Jiwe la chokaa lenyewe limeshikilia hewa ukaa ndani yake tangu lilipofanyika chini ya bahari, na likipashwa joto linaiachia. Kila tani ya klinka huachia zaidi ya nusu tani ya hewa ukaa kutoka kwenye jiwe peke yake. Hata tanuri lingepata joto lake lote kutoka kwenye jua, nusu tani hiyo ingetoka vile vile. Ukijumlisha na moto, unafika karibu tani 0.8 kwa kila tani. Ndiyo sababu saruji pekee inahesabiwa kutoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu duniani.

Mita moja ya ujazo ya zege la kawaida la ghorofa ina saruji kilo 300 hadi 350, na kaboni yake ni kama kilo 300. Nondo zina hesabu yake. Chuma kilichotengenezwa upya kutoka kwenye madini kwa makaa ya mawe hutoa takribani tani mbili kwa kila tani; kilichoyeyushwa kutoka kwenye chuma chakavu kwa umeme hutoa kidogo zaidi ya robo ya hiyo, au hata pungufu, kutegemea umeme umetoka wapi.

Wazo la kulinda jengo la zamani kwa hoja ya nishati si geni. Lilipata nguvu Marekani baada ya bei ya mafuta kupanda miaka ya 1970, na mwaka 1980 shirika la taifa la uhifadhi la nchi hiyo lilitoa bango mashuhuri linaloonyesha jengo la zamani lenye umbo la dumu la petroli. Maana yake ilieleweka bila maneno: ndani ya kuta hizi kuna mafuta yaliyokwisha tumika, ukizibomoa unayamwaga.

Bango lilikuwa zuri na hoja yake ilikuwa na kasoro. Nishati iliyotumika mwaka 1930 imekwisha kwenda. Haimo ukutani, na kulitunza jengo hakuirudishi. Nauli uliyolipa jana haipunguzi nauli ya leo. Wanauchumi waliliona hilo mapema, na kwa muda hoja ya uhifadhi ilidharauliwa kwa sababu hiyo. Wanaohesabu kaboni leo hawaulizi tena jengo la zamani lilitumia nini. Wanauliza jengo jipya litatumia nini, na kiasi gani cha hicho kitaepukwa iwapo nguzo na sakafu zilizopo zitaendelea kufanya kazi. Hapa tunazungumzia moshi ambao bado haujatoka, na huo unaweza kuzuiliwa. Msomaji anayetaka kuipima hoja yoyote ya ukarabati aanze hapo. Akisikia mtu analia kwa ajili ya nishati iliyozikwa ndani ya kuta, ajue hesabu haijafanywa.

Sasa tufanye hesabu yenyewe. Tuchukue jengo la ofisi la ghorofa sita katikati ya mji, la zege, lenye jumla ya mita za mraba 3,000 za sakafu. Namba zinazofuata ni za mfano, ila ni za kiwango ambacho mhandisi angezitambua.

Kulijenga upya kutahitaji kama mita za ujazo 1,200 za zege kwa msingi, nguzo, mihimili na slabu. Kwa kilo 300 kila moja, hizo ni tani 360 za kaboni. Nondo ziwe tani 120, na tukadirie tani moja na nusu ya kaboni kwa kila tani: tani 180. Tuna 540 kabla hatujaweka tofali moja. Kuta, plasta, vigae, madirisha ya alumini, vioo, lifti, nyaya, usafiri, mitambo na kazi ya kubomoa jengo la zamani tuzipe tani 360. Jumla ni tani 900.

Tukiamua kukarabati, fremu ya zege inabaki. Tunabadilisha madirisha, paa, nyaya, mabomba, lifti na viyoyozi, tunatengeneza sehemu za zege zilizochoka, tunapiga plasta na rangi. Tuseme tani 300. Tofauti kati ya njia mbili hizi ni tani 600, na karibu yote imo kwenye zege na chuma ambavyo hatukuvigusa.

Mwenye jengo jipya atajibu kwamba jengo lake litatumia umeme kidogo, kwa hiyo baada ya miaka kadhaa litakuwa limefidia. Ni hoja halali. Jengo letu la zamani, bila matengenezo, linatumia uniti 360,000 kwa mwaka. Jipya litatumia asilimia 40 pungufu, yaani uniti 216,000. Lakini lililokarabatiwa nalo limepunguza, tuseme asilimia 30, kwa hiyo linatumia uniti 252,000. Jipya linaokoa uniti 36,000 kwa mwaka kuliko lililokarabatiwa. Kama kila uniti ya umeme wa gridi inatoa kilo 0.4 za hewa ukaa, hiyo ni tani 14.4 kwa mwaka. Kufidia tani 600 kutachukua karibu miaka 42.

Angalia jinsi jibu linavyogeuka ukibadilisha kitu kimoja tu, kile unacholinganisha nacho. Mtetezi wa kubomoa akilinganisha jengo lake jipya na lile la zamani jinsi lilivyo, halijaguswa, madirisha yanavuja na viyoyozi vimechakaa, ataokoa uniti 144,000 kwa mwaka. Kwa umeme ule ule, tani zake 900 zitafidiwa chini ya miaka 16. Hajasema uongo. Amechagua mpinzani dhaifu. Sehemu kubwa ya mabishano ya mtaa wa Oxford ilikuwa juu ya hili: Marks and Spencer walisema deni la kaboni la jengo jipya lingelipwa katika miaka isiyozidi 20, na wapinzani wao wakajibu kwamba jengo jipya lilikuwa limelinganishwa na matengenezo mepesi mno, wakati ukarabati wa kina haukuwa umechunguzwa ipasavyo. Gove naye alipokataa, moja ya sababu zake ilikuwa kwamba hakuridhika kwamba njia mbadala zilitafutwa kwa kina. Rayner alipopitia upya, aliona hakuna mbadala unaotekelezeka. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye udhaifu wa kanuni nyingi za aina hii: mwombaji wa kibali ndiye anayelipia hesabu, na ndiye anayechagua atalinganishwa na nini.

Kitu cha pili kinachogeuza jibu ni umeme wenyewe, na hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia kwa haki yake.

Jengo jipya hufidia deni lake kwa kuokoa umeme mchafu. Umeme ukiwa safi, kila uniti inayookolewa haina moshi mwingi wa kuzuia, na deni linachelewa kulipwa. Kenya hupata takriban asilimia 90 ya umeme wake kutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya maji, upepo wa Turkana na jua. Tanzania kwa miaka mingi ilitegemea gesi kwa zaidi ya nusu, lakini bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeibadilisha hali hiyo kuanzia 2024. Tuweke kilo 0.1 kwa uniti badala ya 0.4 kwenye mfano wetu. Jengo jipya sasa linaokoa tani 3.6 tu kwa mwaka kuliko lililokarabatiwa, na tani 600 zitafidiwa baada ya miaka 167. Hakuna ghorofa la ofisi katika mji wowote wa kwetu linalojengwa likitarajiwa kusimama muda huo.

London kuna baridi. Sehemu kubwa ya nishati ya majengo yao ya zamani huishia kupasha joto vyumba vyenye kuta zinazovuja, na hilo ndilo jengo jipya huja kuliponya. Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura hakuna anayepasha chumba joto. Nishati ya ofisi zetu ni kiyoyozi, na mahitaji ya kiyoyozi hutokana zaidi na jua linaloingia dirishani kuliko na umri wa jengo. Mtu atembee Samora au Upanga aangalie majengo ya miaka ya 1950 na 1960 ambayo bado yamesimama: slabu zilizotokeza nje juu ya madirisha, vizuizi vya jua vya zege, kuta zenye matundu, baraza ndefu, madirisha pande mbili ili upepo upite. Wasanifu wa enzi hiyo walichora hivyo kwa sababu kiyoyozi kilikuwa ghali. Ukivunja jengo la namna hiyo na kuweka mnara uliofunikwa vioo kuanzia chini hadi juu, huokoi umeme hata uniti moja. Unaongeza. Katika hali hiyo hakuna deni la kusubiri lilipwe, kwa sababu malipo hayaji kabisa.

Viyoyozi vina jambo jingine ambalo mara nyingi husahauliwa kwenye makaratasi. Gesi iliyomo kwenye viyoyozi vingi vilivyofungwa miaka ya karibuni, ile inayoandikwa R-410A kwenye kibandiko, ikivuja ina nguvu ya kupasha dunia joto mara 2,000 na zaidi kuliko hewa ukaa ya uzito huo huo. Kilo moja tu ikiponyoka ni sawa na tani mbili. Fundi anayejaza gesi kila mwaka bila kuziba panapovuja anaweza kufuta kimya kimya sehemu nzuri ya kaboni iliyookolewa kwa kutunza nguzo. Ukarabati unaoanza na vivuli na upepo, ukamalizia na viyoyozi vichache, una hesabu nzuri kuliko ule unaoanza na viyoyozi.

Wenye viwanja watasema, na wana haki, kwamba tatizo lao si umeme. Kiwanja chenye nyumba ya ghorofa tatu kinaruhusiwa kujengwa ghorofa 15, na ardhi imepanda bei. Mhasibu hawezi kuona faida ya kutunza kidogo mahali panapoweza kubeba kingi. Kwa hoja hiyo mfano mzuri zaidi ninaoujua uko Sydney, Australia.

Mwaka 1976 kampuni ya bima ya AMP ilimaliza mnara wake karibu na bandari ya Sydney, na wakati huo ndio uliokuwa mrefu kuliko yote mjini. Miaka 40 baadaye ulikuwa umepitwa na wakati, na wenyewe walitaka nafasi mara mbili. Badala ya kuuangusha, waliwapa kazi wasanifu wa kampuni ya 3XN ya Denmark, ambao waliuvua mnara ngozi yake, wakakata sehemu ya upande wa kaskazini, wakaunganisha sakafu mpya kwenye zile za zamani. Karibu theluthi mbili za nguzo, mihimili na slabu zilibaki, na kiini cha katikati chenye lifti na ngazi kilibaki karibu chote. Mnara ulifunguliwa 2022 kwa jina la Quay Quarter Tower ukiwa na eneo la sakafu karibu maradufu, na wabunifu wake walikadiria kuwa tani 12,000 za kaboni ziliepukwa. Mwaka huo huo ulitangazwa kuwa jengo bora la mwaka katika Tamasha la Dunia la Usanifu.

Kilichonivutia zaidi ni ugumu wa kazi yenyewe, kwa sababu unaonyesha kwa nini wakandarasi huikwepa. Zege jipya husinyaa. Kwa miezi na hata miaka ya mwanzo hupungua urefu kidogo kidogo, kwa kukauka na kwa kubebeshwa uzito. Zege la mwaka 1976 lilikuwa limeshamaliza kusinyaa zamani. Ukimwaga slabu mpya na kuibana moja kwa moja kwenye ya zamani, upande mmoja utashuka na mwingine utabaki, na sakafu itapasuka mahali pa kuungana. Wahandisi wa Sydney walilazimika kukadiria mapema jengo jipya litashuka kiasi gani, wakaacha nafasi wazi kati ya zamani na jipya, wakafunga vipima mwendo kufuatilia, na kuziba nafasi hiyo baadaye. Kazi hiyo inataka uvumilivu na hesabu nyingi kuliko kuanza kwenye kiwanja kitupu. Kaboni inaokolewa kwa jasho la wahandisi, na wenye miradi wajue watailipia hivyo.

Kuna ukarabati wa uongo pia. Mara nyingi utaona ukuta wa mbele wa jengo la kihistoria umeshikiliwa na vyuma huku nyuma yake kumebomolewa kila kitu. Huenda mtaa ukabaki na sura yake, na hilo lina thamani. Kwa upande wa kaboni hakuna kilichotunzwa, maana uzito wa jengo la zege uko kwenye slabu na msingi, si kwenye uso. Anayetaka kujua kama mradi unaookoa mazingira unayaokoa kweli aulize asilimia ngapi ya slabu na nguzo zitabaki. Hata ahadi ya kurejeleza kifusi ina kikomo. Nondo za zamani huuzwa na kuyeyushwa, hiyo ni kweli na ni vizuri. Lakini zege lililosagwa huwa kokoto ya kujazia barabara au sakafu. Linachukua nafasi ya mawe, ambayo kaboni yake ni ndogo. Saruji iliyokuwamo hairudi kuwa saruji.

Hofu kubwa ya watu wa kwetu ni nyingine kabisa. Ghorofa lililoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024 liliua watu zaidi ya 20, na baada ya msiba kama ule ni vigumu kumwambia mtu kwamba jengo la zamani litunzwe. Hofu hiyo inastahili kujibiwa kwa vipimo, na vipimo vipo.

Mhandisi huanza kwa macho. Anatafuta nyufa zinazofuata mstari wa nondo, madoa ya kutu, zege lililobabuka chini ya baraza na kuonyesha chuma. Kisha huja na kifaa cha kutafuta nondo ukutani na kupima ziko kina gani, kwa sababu michoro ya zamani mara nyingi imepotea au haikufuatwa. Baada ya hapo hutoboa zege kwa mtambo wenye meno ya almasi na kutoa kipande cha duara, mnene kama mkono, kinachopelekwa maabara kikabanwe mpaka kivunjike. Majibu yake mara nyingi huwashangaza wenye jengo, maana zege lililochanganywa vizuri huendelea kupata nguvu kwa miaka mingi baada ya kumwagwa.

Papo hapo kuna kipimo kingine, rahisi na kizuri kukitazama. Kipande kibichi kilichovunjwa hupuliziwa dawa iitwayo fenolfthalini. Mahali ambapo zege bado lina ukali wake wa asili, ule unaolinda chuma kisishike kutu, panageuka rangi ya zambarau iliyokolea. Mahali ambapo hewa ukaa ya angani imekwisha kupenya na kuua ukali huo, pabaki kijivu. Unapima kwa rula upana wa ile kijivu kutoka juu. Kama ni milimita 12 na nondo ziko milimita 30 ndani, chuma bado kina ulinzi. Kama kijivu imeshazipita nondo, kutu imeanza au iko njiani, na kutu huvimba kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana hulipasua zege.

Pwani tuna adui mwingine, chumvi. Inakuja na upepo wa bahari, na wakati mwingine ilichanganywa tangu mwanzo kwa mchanga wa ufukweni au maji ya kisima cha chumvi. Chumvi haionekani kwa dawa ile ya rangi. Inabidi unga wa zege ukwanguliwe kina baada ya kina na kupimwa maabara. Ikiwa imeingia sentimita chache tu kutoka upande wa bahari, zege bovu hukatwa mpaka nyuma ya nondo, chuma husafishwa au kubadilishwa, na kiraka kipya hutiwa. Ikiwa imeenea ndani kote, kiraka hakitibu. Kibaya zaidi, kutu huhamia kwenye chuma kilicho pembeni ya kiraka na kuanza upya, na baada ya miaka michache unakuta duara jipya la nyufa limezunguka kazi uliyoilipia. Jengo la namna hiyo linaweza kuwa halina budi kubomolewa, na hesabu ya kaboni haiwezi kulitetea.

Jambo la mwisho ambalo mhandisi huuliza ni matumizi. Slabu iliyopigiwa hesabu ya vitanda, meza na watu wa familia haikuandaliwa kubeba marobota ya vitenge hadi darini. Nyumba nyingi za katikati ya miji yetu zimegeuzwa maghala bila mtu kuuliza swali hilo, na vivyo hivyo nguzo za chini hukatwa au kuchokonolewa ili kupanua fremu za maduka. Ukarabati wa kweli huanza kwa kujua kila nguzo inabeba nini, na ikibidi kuizungushia zege jipya na nondo kabla ya kuongeza chochote juu yake. Kwa kazi hiyo zege jipya linalohitajika ni la mita za ujazo chache, wakati jengo zima lingehitaji 1,200.

Denmark tangu 2023 imeweka kikomo cha kaboni kwa kila mita ya mraba ya majengo mapya makubwa, na London huwataka wenye miradi mikubwa wawasilishe hesabu ya kaboni ya maisha yote ya jengo kabla ya kibali. Kwetu kibali cha ujenzi huuliza mipaka ya kiwanja, urefu, maji taka na usalama. Kingetosha kuongeza maswali mawili kwenye fomu ya kubomoa: vipimo vya zege la jengo lililopo vimeonyesha nini, na jengo jipya limelinganishwa na jengo lipi lililokarabatiwa. La kwanza linajibiwa na maabara ya vifaa vya ujenzi ya chuo kikuu chochote chenye idara ya uhandisi. La pili linajibiwa na mkadiriaji majenzi kwa orodha ile ile ya vipimo na bei anayoiandaa kwa kila mradi, maana mita za ujazo za zege na tani za nondo tayari zimeandikwa humo.